Kokoto chini ya vidole: ni neva iliyonenepa au ni mfupa ulioelemewa? Nimeshauriwa sindano ilhali eksirei ni safi

Hatua Ndefu (mwanzisha uzi)
Salaam wakuu. Kwa muda sasa nikitembea nahisi kana kwamba kuna kokoto ndani ya kiatu, chini ya kidole cha tatu na cha nne cha mguu wa kulia; navua kiatu, nakikung'uta, na hakuna kinachodondoka. Hali hii ilianza baada ya kuongeza umbali wa mbio zangu na, karibu wakati uleule, kuhamia kwenye viatu vyembamba vyenye soli laini. Pia kuna nyakati kidole cha nne kinawaka moto kisha kinakufa ganzi upande mmoja. Daktari aliubonyeza mguu, akaagiza eksirei katika wiki ileile ya kwanza ya maumivu makali, haikuonyesha kitu, akahitimisha kuwa ni neva iliyonenepa kati ya vidole na kwamba dawa yake ni sindano ya steroidi. Rafiki yangu anayefundisha riadha anasema ni mfupa ulioelemewa, na kwamba nikichomwa sindano nitakimbia juu ya ufa bila kuhisi. Je, kuna namna ya kutofautisha hali hizi mbili kabla sijakubali sindano?

Jibu Fupi
Mkuu, hiyo ni neva, wala usijisumbue. Hisia ya kokoto ndiyo alama yake, na eksirei imekwisha kuuondolea mfupa lawama. Kachome sindano.

Nyayo Mbili
Ndugu Jibu Fupi, hapo umepatia nusu. Nafanya kazi ya fiziotherapia na hisia hiyo ya kokoto naisikia kutoka kwa watu wenye neva iliyonenepa, wenye kifuko cha majimaji kilichovimba kati ya vichwa vya mifupa, wenye sugu nene, na hata wale ambao utando mgumu ulio chini ya kiungo cha kidole umechanika. Kokoto inatueleza mahali pa shida, mhusika haimtaji. Kuhusu eksirei, ufa mwembamba wa mfupa kwa kawaida hauonekani katika wiki mbili au tatu za mwanzo, kwa sababu kinachoonekana baadaye ni mfupa mpya unaojengwa kuuzunguka, na huo huhitaji muda. Picha safi ya wiki ya kwanza, kwa hiyo, haijamsafisha mtu.

Ndugu Hatua Ndefu, naomba ufanye mambo matatu kisha uturudie. Kwanza, tumia ncha ya kidole kimoja tu kubonyeza kutokea juu ya wayo, ukifuata kila mfupa mrefu kuanzia kwenye kiungo cha kidole kurudi nyuma kuelekea katikati ya wayo, kisha ubonyeze nafasi zilizo kati ya mifupa, ukianzia juu na kumalizia chini. Pili, vaa kiatu kinachobana ukiwa umekaa bila kukanyaga uzito, uone kama moto unawaka. Tatu, tembea peku kwenye sakafu ngumu. Neva huchukia kubanwa na mara nyingi hupata nafuu ukivua kiatu na kuukanda mguu, ilhali mfupa huchukia uzito, na sakafu ngumu bila kiatu huuzidishia maumivu.

Jasiri wa Asubuhi
Poleni. Mimi nilikuwa na maumivu kama hayo ya kisigino, hasa hatua za kwanza nikitoka kitandani, na kunyoosha shavu la mguu kulinisaidia sana. Jaribu kuviringisha chupa ya maji baridi chini ya wayo.

Mzee wa Kokoto
Jasiri, mwenzako anaumwa vidole wewe unatibu kisigino! Ukiendelea hivyo kesho utatushauri tupake dawa kwenye goti.

Nyayo Mbili
Tumtendee haki Jasiri, kwa kuwa shavu la mguu linahusika kidogo. Likikaza, kisigino huinuka mapema katika kila hatua na uzito huhamia sehemu ya mbele ya wayo kwa muda mrefu kuliko inavyopaswa. Ila maumivu ya hatua za kwanza za asubuhi chini ya kisigino ni jambo jingine kabisa.

Msomaji Makini
Nimeona humu na kwingineko watu wakiiita hali hii "uvimbe wa Morton" na wengine wakiogopa kuwa ni saratani. Si saratani, na kwa hakika si uvimbe wa kweli wa neva. Ni tishu ya makovu inayoifunika neva baada ya kusumbuliwa kwa muda mrefu. Jina linatokana na Thomas Morton wa Filadelfia aliyeandika juu ya maumivu hayo mwaka 1876.

Askari Mstaafu
Mkuu Msomaji, Morton alipewa jina lakini hakuwa wa kwanza. Lewis Durlacher, aliyekuwa mtaalamu wa miguu wa Malkia Viktoria, aliyaeleza mwaka 1845. Na kwa upande wa mfupa, daktari wa jeshi la Prusia aitwaye Breithaupt aliandika mwaka 1855 kuhusu askari waliovimba miguu baada ya matembezi marefu. Hakuwa na eksirei ya kumwonyesha ufa, kwa sababu mionzi hiyo iligunduliwa mwaka 1895, na ni baada ya hapo ndipo ilipobainika kuwa mifupa ile ilikuwa imepasuka.

Nina sababu ya kulikumbuka hilo. Nilipokuwa kuruta, mguu wangu ulivimba juu, nyuma kidogo ya kidole cha pili, na niliambiwa ni uvivu. Sikuanguka wala sikujikwaa mahali popote. Siku moja mazoezi yalizidishwa tu, nami nikaendelea kubeba mzigo. Picha ya mwanzo ilikuwa safi, na ile iliyopigwa baadaye ilionyesha kifundo cha mfupa mpya kama fundo la kamba. Kwa hiyo namuunga mkono huyo mwalimu wa riadha: mtu aliyeongeza umbali na kubadili viatu kwa wakati mmoja aanze kwa kuushuku mfupa.

Mama Pacha
Nami natoka upande wa pili. Yangu ilikuwa neva kweli, nafasi ya tatu, yaani kati ya kidole cha tatu na cha nne kama ya mwanzisha uzi. Nilizoea kuvaa viatu vya mchuchumio kazini, na jioni nilikuwa navivua chini ya meza na kuukanda mguu kwa kidole gumba cha mkono hadi shoti ya umeme itulie. Juu ya wayo hapakuwahi kuvimba hata siku moja. Sindano ilinipa miezi kadhaa ya raha, kisha maumivu yakarudi, na hatimaye neva ilikatwa. Shoti imekwisha, lakini nyuso mbili za vidole zinazotazamana zimekufa ganzi moja kwa moja. Nikiingiwa na mchanga hapo sijui. Sijuti, ila ningependa mtu angenieleza mapema kuwa ganzi hiyo si ajali ya upasuaji, bali ndiyo matokeo yake ya kawaida.

Hatua Ndefu
Ahsanteni. Nimefanya yale matatu. Nikibonyeza juu ya mfupa wa tatu, nyuma kidogo ya kiungo cha kidole, napata maumivu makali kwenye sehemu isiyozidi upana wa kidole, na mfupa wa nne na wa pili hauniumi kabisa. Jioni baada ya kusimama sana, mistari ya kano juu ya wayo hufifia upande huo, nadhani ndiyo uvimbe. Kutembea peku kwenye sakafu ngumu ni kubaya. Hadi hapo Askari ameshinda. Lakini nikivaa kiatu chembamba nikiwa nimekaa, kidole cha nne kinaanza kuwaka bila kukanyaga chochote, na nikibonyeza nafasi kati ya kidole cha tatu na cha nne kutokea chini, moto unakimbilia kwenye ncha za vidole. Daktari alipoukamua wayo kutoka pande mbili alisema amesikia mlio. Mimi nilihisi maumivu, mlio sikuusikia.

Jibu Fupi
Mlio! Sasa kesi imekwisha. Huo ndio ushahidi wa neva.

Nyayo Mbili
Mlio huo, ambao Mulder aliueleza mwaka 1951, una uzito pale unapoambatana na maumivu yaleyale ambayo mgonjwa anayalalamikia. Peke yake, miguu mingi isiyo na tatizo hulia. Na kuukamua wayo kutoka pembeni kunaweza kuuma kwa mtu mwenye kiungo kilichovimba au kifuko cha majimaji kilichowaka, kwa kuwa vyote vimebanana katika nafasi hiyohiyo.

Ndugu Hatua Ndefu, ulichokieleza kinanifanya nifikirie kwamba mambo mawili yapo kwa pamoja. Maumivu yaliyo juu ya mfupa mmoja, yanayofunikwa na ncha ya kidole, pamoja na uvimbe wa juu, si tabia ya neva, kwa sababu neva inapita chini ya ile kano ya kukingama inayofunga vichwa vya mifupa pamoja, karibu zaidi na ngozi ya chini. Lakini moto unaokwenda kwenye ncha za vidole viwili jirani ukiwa umekaa si tabia ya mfupa. Inawezekana mfupa umevimba na kumbana jirani yake, na inawezekana pia neva ilikuwa imenenepa kimya kimya kabla hujaongeza umbali.

Mpiga Picha za Mifupa
Nichangie upande wangu wa mashine. Eksirei ya kurudia, ikipigwa angalau wiki tatu baada ya maumivu kuanza, mara nyingi huonyesha ama mstari mwembamba ama wingu hafifu pembeni mwa mfupa, na wingu hilo ndilo mfupa mpya. Mwambie anayeagiza ataje kabisa mfupa unaoshukiwa na aombe picha ya mshazari pia, kwa sababu katika picha ya pembeni mifupa hii hulaliana na kufichana. Asiyeweza kungoja anaweza kupigwa MRI, ambayo huona maji ndani ya mfupa hata kabla ya ufa kuonekana, na hapohapo huonyesha neva, kifuko na ule utando wa chini ya kiungo.

Ultrasaundi nayo ni nzuri kwa neva, lakini nawatahadharisha. Nimeona neva zilizonenepa kwenye miguu ambayo mwenye nayo hakuwa akilalamika hata kidogo. Picha inathibitisha kuwa neva imenenepa. Haithibitishi kuwa ndiyo inayouma.

Fundi Ngozi
Kwa heshima ya wataalamu, naona mmesahau kiatu. Watu huja na viatu walivyobandikia kipedi cha kuinua wayo wakilalamika kuwa kimezidisha maumivu, na nikichungulia ndani nakuta kimebandikwa palepale panapouma. Hivyo umeongeza kokoto juu ya kokoto. Kipedi hukaa nyuma ya vichwa vya mifupa ili kiinue shingo ya mifupa na kuviachia vichwa nafasi. Njia yangu ni kupaka wino au rangi ya mdomo kwenye sehemu inayouma, kumvalisha mtu kiatu bila soksi, akanyage mara moja, kisha kuitoa soli ya ndani na kutazama alama ilipobaki. Ukingo wa mbele wa kipedi unaishia nyuma kidogo ya alama hiyo, hauigusi. Mtu akisimama anahisi kitu kigeni chini ya wayo, lakini kile kinachouma kisiguswe.

Mama Pacha
Fundi amesema kweli tupu. Changu kilihamishwa nyuma kwa upana wa kidole tu na nikadhani nimebadilishiwa mguu. Ila kwangu kilichofanya kazi zaidi kilikuwa upana wa kiatu pale mbele, maana kipedi ndani ya kiatu chembamba kinakula nafasi ileile iliyokuwa haitoshi.

Msomaji Makini
Swali kwa Nyayo Mbili: kwa nini iwe nafasi ya tatu mara nyingi? Nilisoma kwamba hapo neva mbili kutoka pande mbili za wayo huungana, hivyo neva inakuwa nene zaidi na haisogei kirahisi.

Nyayo Mbili
Ndiyo maelezo yanayorudiwa sana, na huenda yana ukweli, lakini muungano huo haupo kwa kila mtu na bado wasio nao wanaugua. Wengine hulaumu ile kano ya kukingama kwamba neva inajikunja dhidi ya ukingo wake kila vidole vinapopinda. Wengine wanasema nafasi ya tatu ni finyu tu, na wengine wanakiona kifuko cha majimaji ndicho chanzo. Madaktari wa upasuaji hawaafikiani pia: kuna wanaokata kano na kuiacha neva, na kuna wanaoiondoa neva yenyewe.

Askari Mstaafu
Turudi kwenye sindano, maana ndilo swali. Je, ikiwa mfupa una ufa, sindano ina madhara gani hasa?

Nyayo Mbili
Hofu ya kwanza ni ile ya mwalimu wa riadha: maumivu yakipungua mtu anarudi kukimbia, na ufa mwembamba unaweza kuwa mvunjiko kamili. Hofu ya pili inasahaulika. Steroidi inaweza kukondesha mafuta yanayotukinga chini ya vichwa vya mifupa na kudhoofisha utando wa chini ya kiungo, hasa ukiwa umekwisha kuchanika. Ndiyo maana, kabla ya sindano, namwomba mtu asimame peku na atazame vidole. Kidole cha pili kikiwa kimeinuka au kimeanza kuelekea kwenye dole gumba, au kama hakiwezi kuishikilia karatasi sakafuni unapoivuta, naushuku utando huo, na hapo sindano inaweza kukiharibu zaidi kidole.

Jibu Fupi
Lakini wakuu, kaka yangu alichomwa na akapona kabisa, hata mchuchumio wa mkewe anauvaa kwenye sherehe kwa utani. Tusiwatishe watu.

Mzee wa Kokoto
Jibu Fupi, huyo kaka yako aje hapa atueleze mwenyewe, hususan habari za mchuchumio.

Hatua Ndefu
Nimerudi. Vidole vimekaa sawa na karatasi inashikika. Nimepiga eksirei ya pili baada ya kungoja, na maelezo ya picha yanasema kuna tabaka jembamba la mfupa mpya pembeni mwa shingo ya metatasali ya tatu, yaani uleule mfupa mrefu wa tatu nilioubonyeza. Daktari mwingine amenivalisha kiatu cha soli ngumu isiyopinda na kunikataza kukimbia kwa wiki 6 hadi 8, akisema kigezo cha kurudi ni mfupa kutouma unapobonyezwa, kalenda ni makadirio tu. Maumivu ya juu ya wayo yamepungua sana. Lakini ule moto wa kidole cha nne bado upo, hasa jioni, japokuwa kiatu hiki ni kipana na mfupa umetulia.

Mpiga Picha za Mifupa
Pole na hongera. Nitie neno la tahadhari: tabaka la mfupa mpya linasema mfupa ulielemewa na unajijenga. Kwa mkimbiaji linaweza kuwa la karibuni au la miezi iliyopita. Likisomwa pamoja na uvimbe na maumivu yako, nakubaliana na daktari, lakini picha peke yake isingenitosha.

Askari Mstaafu
Waulize pia kuhusu vitamini D na kama unakula vya kutosha kulingana na mbio zako. Siku hizi mfupa unaopasuka kwa mazoezi ya kawaida hauachwi bila kuulizwa kwa nini. Kwa wanawake, hedhi iliyokatika ni alama kubwa zaidi.

Mama Pacha
Mimi bado nasimama pale pale. Moto unaobaki mfupa ukitulia ni neva, na ningekuwa wewe ningeanza kujadili sindano sasa ukiwa hukimbii, kwa kuwa hutashawishika kuutumia mguu vibaya.

Nyayo Mbili
Hoja ya Mama Pacha ina akili, ingawa mimi ningengoja. Mfupa unaojijenga huwa na uvimbe unaochukua nafasi, na neva jirani inaweza kuendelea kulalamika kwa sababu hiyo tu. Ningengoja mfupa usiume ukibonyezwa, kisha nitazame moto umebaki kiasi gani ndani ya kiatu kipana chenye kipedi alichokieleza Fundi. Ukibaki vilevile, ultrasaundi ifanywe na sindano ichomwe kwa kuongozwa na picha hiyo. Jambo moja lingebadilisha mpango wangu: ganzi ikianza kuenea nje ya vidole hivyo viwili, au ikija kwenye miguu yote miwili, hapo hatuzungumzii tena nafasi ya tatu, na sukari ya damu ipimwe kwanza.

Hatua Ndefu
Mguu wa kushoto ni mzima na ganzi haijavuka vidole viwili. Ila nimegundua kuwa soli hii ngumu ina ukingo ulioinuka karibu na kidole cha nne, na moto huanza nikikaa muda mrefu nikiwa nimeuegemeza mguu upande huo. Je, Fundi, ukingo huo unaweza kukwanguliwa bila kuharibu ugumu wa soli?

Fundi Ngozi
Unaweza, mradi ukwangue upande wa ndani pekee na usiuguse ubao wa soli unaozuia kupinda. Kabla ya kukwangua, fanya ile ya wino kwanza. Alama isipoangukia kwenye ukingo huo, uache ulivyo na umrudishie kesi Nyayo Mbili.